Petali, Majani na Vichwa vya Maua: Kumbukumbu za Njia ya Bondeni hadi Nyanda za Juu

Simulizi hii nimeipanga baada ya kurejea nyumbani, nikiwa na daftari langu upande mmoja na picha upande wa pili. Sehemu kubwa ya safari ilikuwa ya miguu, na mimi na mwenzangu tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hatutang'oa mmea wowote wala kuchuma ua. Kila tutakachokitambua kitatambuliwa kwa picha. Alama tulizozitegemea ni tatu: idadi ya petali, namna majani yanavyoshikana na shina, na mpangilio wa maua kwenye ncha au ubavu wa shina. Nimeacha mambo mengi ya safari ili nizieleze alama hizo jinsi zilivyojitokeza njiani, kwa sababu kila moja ikiachwa peke yake hupotosha, ilhali zikiwekwa pamoja hukufikisha kwenye familia ya mmea kwa muda mfupi, na mara nyingi hata kwenye jenasi yake, yaani kundi dogo zaidi ndani ya familia.

Siku ya kwanza: barabara ya bondeni

Gari lilichelewa kuondoka, kwa hiyo tulianza kutembea jua likiwa tayari kali. Barabara ilikuwa ya vumbi, na kando yake mimea mingi ilikuwa mifupi, iliyotambaa kwenye ardhi ngumu. Ua la kwanza kupigwa picha lilikuwa na kiini cha manjano na, kwa kulitazama kutoka juu, petali 5 za rangi ya maziwa, kila moja ikiwa na meno matatu kwenye ncha. Mwenzangu alipiga picha moja nzuri sana kutoka juu, akaandika daftarini: "petali 5, nyeupe."

Hapo ndipo pa kuanzia kwa yeyote atakayepita njia kama hii, kwa maana maua ya familia ya alizeti yapo karibu kila mahali na hesabu yake ya petali ina mtego. Kile kinachoonekana kuwa ua moja ni kichwa chenye maua mengi madogo yaliyobanana juu ya kitako kimoja. Kila kinachofanana na petali pembeni ni ua zima lililorefuka upande mmoja, na kile kiini cha manjano ni maua mengine mengi, kila moja likiwa mrija mdogo wenye ncha 5. Unaweza kulithibitisha jambo hili kwa picha yenyewe: ikuze sehemu ya kiini, na ukiona vijirija vilivyo wazi ukingoni na vingine vikiwa bado vimefumba katikati, basi unatazama kichwa cha maua, wala si ua moja lenye stameni nyingi. Stameni za kweli ni nyuzi zenye kifuko cha chavua kwenye ncha. Hazina mdomo uliogawanyika. Dalili ya pili ipo chini ya kichwa, ambako badala ya sepali 5, yaani vijani vinavyolifunika ua likiwa bado tumba, utaona vijani vidogo vingi vya kijani vilivyopangana kuzunguka kitako.

Nililala kifudifudi kando ya barabara ili nipate picha ya ubavuni. Kikonyo kilikuwa kirefu, kati ya sentimita 15 na 20, kikiwa na kichwa kimoja tu juu yake na hakina jani hata moja. Chini, shina lilitambaa, na kwenye kila kifundo palikuwa na majani mawili yaliyokabiliana, yenye nywele na meno makubwa yasiyolingana. Kichwa kimoja kwenye kikonyo kirefu, majani yanayokabiliana, shina linalotambaa: hiyo ni Tridax procumbens. Ile picha ya kutoka juu isingeweza kutufikisha hapo peke yake, kama itakavyoonekana tulipofika nyanda za juu.

Kwa watakaofuata njia ya aina hii, ushauri wangu ni kwamba kila mmea upewe picha nne kabla ya kuuacha: uso wa ua ukitazamwa kutoka juu, ua hilo hilo kutoka ubavuni ili sehemu yake ya chini ionekane, kifundo cha shina mahali jani linapoanzia, na mmea mzima ukiwa umesimama mahali pake. Weka kidole au rula kwenye mojawapo ili ukubwa usibaki kuwa wa kukisia. Jua la mchana huunguza rangi nyeupe na ya manjano hadi petali zote zikawa bonge moja la mwanga, kwa hiyo tulitumia kivuli cha kofia, tukapunguza mwangaza kwenye simu kabla ya kupiga, na nyuma ya ua tukaweka jalada jeusi la daftari.

Siku ya pili: ukingo wa mto

Tulilala karibu na kivuko, na alfajiri tulimkuta mama mmoja akiteka maji. Alipoona tunapanga vitu vyetu polepole alituambia, "Wanangu, kama ni yale maua ya buluu mnayotafuta, nendeni sasa. Jua likipanda mtayakuta yamefumba yote." Akaacha ndoo yake, akatupeleka mwenyewe hadi kwenye bwawa dogo ambalo tusingeliona kutoka njiani.

Maneno yake yalikuwa sahihi kabisa. Maua ya Commelina hufunguka asubuhi na kunyauka kabla ya mchana kupita, na picha iliyopigwa alasiri haina petali za kuhesabu. Tulikuta petali 3: mbili kubwa za buluu zilizosimama juu, na ya tatu ndogo chini yake, ambayo hujificha ukilipiga ua kwa mbele. Idadi ya 3, au 6 ambazo kwa kweli ni 3 za ndani na 3 za nje zilizofanana, hukupeleka upande wa mimea yenye jani moja la mbegu, lakini usiishie hapo. Tazama jani. Kwenye picha ya kifundo, chini ya jani palikuwa na ala iliyolizunguka shina lote, na mishipa ya jani ilikwenda sambamba kutoka kitako hadi ncha bila kutawanyika kama wavu. Ala na mishipa hiyo ndivyo vilivyoithibitisha hesabu ya petali. Mpangilio wa maua ukatupeleka hatua moja zaidi, kwa kuwa maua yalichomoza moja moja kutoka ndani ya jani dogo lililokunjwa katikati, ambayo ni alama ya jenasi hiyo.

Sehemu iliyobaki ya siku ilikuwa mchanga na matete.

Siku ya tatu: mpando na mvua

Njia ilianza kupanda, na kabla ya saa sita mvua ikatukuta. Mzee mmoja alitukaribisha barazani kwake, tukakaa hapo hadi ilipokatika. Kando ya ua wake ilisimama mimea mirefu kunishinda, yenye mipira ya maua ya rangi ya chungwa iliyotungwa kwenye shina, mpira juu ya mpira, kila mmoja ukiwa umelizunguka shina mahali majani mawili yanapoanzia. Ilikuwa Leonotis.

Mmea huu ulitupa nafasi ya kueleza ugumu mwingine wa kuhesabu petali. Petali zake zimeungana na kuwa mrija, kwa hiyo hakuna petali moja moja ya kuhesabu; kinachohesabiwa ni ncha za mrija pale unapofunguka. Mdomo wa juu ni mrefu na una nywele nyingi, nao umetokana na ncha mbili zilizoshikamana, na mdomo wa chini una ncha tatu ndogo zinazonyauka mapema. Jumla ni 5, lakini mgeni akitazama picha ya mbali ataandika 1 au 2. Ua la namna hii, ambalo ukilikata katikati kwa mstari mmoja tu ndipo nusu zake zinalingana, lielezwe kwanza kwa umbo lake, kisha ndipo idadi ifuate.

Majani na shina vilisema kwa uwazi zaidi. Majani yalikabiliana, na kila jozi ilikaa kwa kukingamana na jozi iliyo chini yake, ili ukitazama kutoka juu uone msalaba. Shina lilikuwa na pembe nne. Pembe hizo hugundulika haraka kwa vidole, lakini kwenye picha zinahitaji mwanga wa upande mmoja, na baada ya mvua mawingu yalikuwa yameufanya mwanga kuwa sawa kila upande. Ndiyo sababu mzee alishika kipande cha bati upande wa kushoto ili kivuli kianguke kwenye pembe. Shina la pembe nne, majani yanayokabiliana, maua yenye midomo miwili yaliyozunguka vifundo: ni familia ya mnanaa, hata kabla hujalijua jina la mmea wenyewe.

Siku ya nne: mashamba ya nyanda za juu

Hii ndiyo siku iliyojaza kurasa nyingi zaidi. Mwenye shamba moja alituruhusu kuzunguka kwenye mipaka ya mazao yake, na katika eneo dogo tulikuta mimea mitatu yenye maua meupe ambayo, ikipigwa picha kutoka juu, huchanganywa kila mara.

Wa kwanza ulikuwa kishona nguo, Bidens pilosa. Kichwa kina kiini cha manjano na, pale palipokuwa na maua meupe ya pembeni, tulihesabu 5 au 6. Vichwa vingine havikuwa nayo hata moja, na hilo ni la kawaida kwa mmea huu. Wa pili ulikuwa Galinsoga, wenye kiini cha manjano na maua 5 meupe ya pembeni, mafupi mno, yaliyoachana kwa nafasi na kila moja likiwa na meno matatu. Ukiongeza Tridax ya bondeni, unapata mimea mitatu ya familia moja ambayo yote huonyesha "petali 5 nyeupe na kiini cha manjano", na ambayo yote majani yake hukabiliana. Alama mbili kati ya tatu zimefanana. Mtu aliye na picha ya uso wa ua pekee hana njia ya kuitenganisha kwa uhakika, labda kwa ukubwa, na ukubwa nao haupo kama hakuweka kidole.

Tuliitenganisha hivi. Kwenye Tridax, kichwa kimoja hukaa juu ya kikonyo kirefu kilicho uchi. Kwenye Galinsoga vichwa ni vingi, vidogo vya upana wa nusu sentimita hivi, juu ya vikonyo vifupi vinavyogawanyika mara kwa mara kutoka kwenye makwapa ya majani ya juu. Kwenye kishona nguo vichwa ni vichache kwenye ncha za matawi, lakini neno la mwisho linatoka kwa jani: limegawanyika katika vijani vitatu au vitano vyenye meno, wakati jani la Galinsoga ni moja, zima, lenye umbo la yai.

Hapa niweke maelezo kuhusu jani lililogawanyika, kwa sababu ndipo wengi hukosea kusema majani yanakabiliana au yanapishana. Vijani viwili vinavyotazamana kwenye kikonyo kimoja si majani yanayokabiliana. Ni sehemu za jani moja. Jani zima hutambulika kwa chipukizi lililo kwapani mwake, pale kikonyo kinapoungana na shina. Kijani hakina chipukizi kwapani. Kwenye picha zetu za kishona nguo tulifuata kikonyo kurudi nyuma hadi tukaona chipukizi, na hapo tukajua kwamba vile vijani vitatu vilikuwa jani moja, nalo lilikabiliana na jani jingine la namna hiyo upande wa pili wa shina. Picha ya kifundo isipofika hadi shinani, swali hili halijibiki.

Mmea wa tatu wa shamba hilo ulikuwa mdogo na laini, Stellaria media, wenye ua jeupe lisilozidi sentimita moja. Mwenzangu alihesabu petali 10, na mtoto wa mwenye shamba, aliyekuwa akitufuata tangu asubuhi, naye akahesabu 10. Ukilikuza ua kwenye picha, utaona kwamba petali ni 5, kila moja ikiwa imepasuliwa karibu hadi chini. Njia ya kuhakikisha ni kuhesabu sepali: zilikuwa 5 za kijani, na kila mpasuko wa kina ulikuwa katikati ya petali moja, huku nafasi halisi kati ya petali na petali ikiwa mbele ya sepali. Majani yalikabiliana, na ubavuni mwa shina ulipita mstari mmoja tu wa nywele, ambao kwenye kila kifundo ulihamia upande mwingine. Mtoto yule ndiye aliyelishika shina lisitikisike kwa upepo wakati picha hiyo inapigwa.

Msafiri mwenye haraka atahesabu ua moja na kuondoka, lakini tulijiwekea kanuni ya kuhesabu petali kwenye maua yasiyopungua matano ya mmea mmoja. Petali hudondoka, wadudu huzitafuna, na baadhi ya maua hutoa moja zaidi au moja pungufu. Idadi inayojirudia ndiyo ya kuandikwa.

Siku ya tano: kijito

Daraja la miti lilikuwa limesombwa na mvua, tukasubiri hadi maji yapungue, na kusubiri huko kukatupa muda wa kutazama mimea miwili iliyosimama bega kwa bega. Yote ilikuwa na maua madogo meupe yaliyotengeneza uso bapa juu ya shina. Kwa mbali ungesema ni mmea mmoja.

Picha ya ubavuni iliitenganisha papo hapo. Kwenye mmoja, vikonyo vyote vilianzia kwenye nukta moja ya shina, vikatawanyika, na kila kimoja kikagawanyika tena kutoka kwenye nukta moja na kubeba mwavuli mdogo. Huo ni mwavuli wa miavuli, mpangilio wa familia ya karoti. Kwenye mwingine, vikonyo vilianzia sehemu mbalimbali za shina, vya chini vikiwa virefu na vya juu vifupi, hadi vyote vikafikia kimo kimoja. Na kila "ua" kwenye ncha lilikuwa kichwa cha vijirija visivyo na maua ya pembeni. Huo ulikuwa Ageratum wa familia ya alizeti. Majani yakathibitisha: Ageratum huwa na majani yanayokabiliana kwenye sehemu kubwa ya shina, na mmea wa familia ya karoti ulikuwa na majani yanayopishana, yaliyochanwachanwa, ambayo vitako vyake vilipanuka kuwa ala iliyolikumbatia shina.

Jina la huo wa familia ya karoti hatukuliandika zaidi ya familia. Familia ya karoti hutenganishwa kwa umbo la mbegu zake, na mbegu zilikuwa bado hazijakomaa. Familia hiyo ina mimea ya chakula na ina mimea inayoua, miavuli yake ikifanana mno, na kwa sababu hiyo picha ya mmea wa namna hii isitumiwe kamwe kuamua kama unalika, hata alama zote tatu zikikubaliana.

Siku ya kushuka ilikuwa ya ukungu mtupu, na picha iliyopatikana yenye maana ni moja.

Nyumbani: picha ya mwisho

Picha hiyo ilikuwa ya ua la manjano lenye petali 5 zilizoachana. Petali 5 za manjano ni maelezo yanayozifaa jenasi nyingi, na tuliziweka tatu mezani: Oxalis, Ranunculus na Hypericum. Katikati ya ua palikuwa na stameni nyingi zisizohesabika kwa urahisi, jambo lililoiondoa Oxalis, ambayo ina stameni 10 na jani lenye vijani vitatu. Zikabaki mbili, ambazo zote zina stameni nyingi. Picha ya kifundo ikaamua: majani yalikuwa mazima, yasiyo na kikonyo, yamekaa mawili mawili kwa kukabiliana, huku majani ya shina ya Ranunculus kwa kawaida yakipishana na mara nyingi yakiwa yamechanwa. Maua yalikuwa kwenye ncha, ua la katikati likiwa limefunguka kwanza na ya pembeni yakifuata kwenye matawi yaliyogawanyika mawili mawili, kama inavyotarajiwa kwa Hypericum.

Tuliishia kwenye jenasi. Ili kufika kwenye spishi tulihitaji picha ya jani likielekezwa kwenye mwanga, kwa kuwa baadhi ya spishi zina vidoa vinavyopitisha nuru, pamoja na picha ya karibu ya ukingo wa sepali na petali, ambako hutafutwa vidoa vyeusi. Ukungu haukutupa mwanga wa kutosha kwa hayo mawili. Kwenye jalada la picha nimeandika "Hypericum", na chini yake nimetaja picha mbili zinazokosekana na mahali mmea ulipo, ili atakayepanda njia hiyo siku yenye jua aanzie hapo.